RG4m si RG4M: kwa nini fomula yetu hukataa msimbo ulioandikwa vibaya

Sisi huwatengenezea wenye maduka mafaili ya Excel yanayotafuta bei kwa msimbo wa bidhaa. Simu ya malalamiko ya namna hii tumeipokea mara nne tangu mwaka uanze, na ya juzi ndiyo iliyotufanya tukae tuandike. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro alipiga akiwa amekasirika. "Mlinitoza elfu themanini kwa fomula inayogoma. Kijana wangu ameweka ya kwake ya bure, bei zinakuja zote. Mimi naona mliniibia."

Tulimwomba atutumie faili. Lilipofika tuliona kilichotokea kabla hata ya kunywa chai. Kijana wa kaunta alikuwa amefuta fomula yetu kwenye kolamu ya bei na kuweka VLOOKUP, fomula ya kawaida ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha. Kweli, bei zilikuwa zinakuja zote. Shida ni kwamba nyingine zilikuwa bei za bidhaa jirani.

Duka lile lina misimbo waliyojitungia wenyewe miaka mingi iliyopita, na imeshabandikwa kwenye makopo na kwenye rafu. Rangi ya lita 4 ni RG4. Rangi ya maji huongezewa m ndogo, ya mafuta huongezewa M kubwa. Kwa hiyo RG4m ni ya maji, shilingi 28,000, na RG4M ni ya mafuta, shilingi 36,000. Wauzaji wanaijua tofauti hiyo kama wanavyozijua rafu zao. Excel haiijui. Kwa VLOOKUP, MATCH, COUNTIF, XLOOKUP, na hata alama ya sawasawa ya kawaida, m ndogo na M kubwa ni herufi moja. Andika `="RG4m"="RG4M"` kwenye seli yoyote tupu uone, itakujibu TRUE.

Sasa VLOOKUP ikitafuta RG4M huanza juu ya orodha na kushuka. Kwenye orodha ya mama yule, rangi ya maji iko mstari wa 12 na ya mafuta iko mstari wa 13. Fomula inafika mstari wa 12, inaona RG4m, inaridhika, inarudi na 28,000. Mstari wa 13 haufikiwi kamwe, hata ukibofya mara mia. Hakuna alama nyekundu wala ujumbe wa kosa. Muuzaji anaona bei, mteja analipa, risiti inatoka.

Tulipitia naye mauzo ya wiki tatu tangu fomula ibadilishwe. Makopo 46 ya rangi ya mafuta yalikuwa yameuzwa kwa bei ya rangi ya maji. Tofauti ni 8,000 kwa kopo, yaani 368,000 kwa jumla. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hununua kopo la mafuta kwa 31,500, kila kopo alilouza lilikuwa linakula mtaji, achilia mbali faida. Alinyamaza kwenye simu kwa muda. Hatukumlaumu, kwa sababu kosa la namna hii halionekani kwa macho. Lakini elfu themanini yetu hatukuirudisha, na tunaeleza hapa kwa nini.

Fomula tuliyomwekea ilikuwa hii. Msimbo unaandikwa E2, misimbo yote iko kolamu A, bei ziko kolamu C:

```
=INDEX($C$2:$C$381,MATCH(TRUE,INDEX(EXACT($A$2:$A$381,E2),0),0))
```

Isome kuanzia ndani. EXACT inalinganisha maandishi mawili herufi kwa herufi, na kwake m na M ni vitu viwili. Ukiipa orodha nzima badala ya seli moja, inakurudishia orodha ya majibu: FALSE, FALSE, FALSE, mpaka inapokuta msimbo ulioandikwa vilevile, hapo inasema TRUE. Kwa RG4M, mstari wa 12 unapata FALSE na mstari wa 13 unapata TRUE. Kisha MATCH haitafuti tena msimbo, inatafuta hiyo TRUE, na inasema iko nafasi ya 12, kwa kuwa orodha inaanzia mstari wa 2. INDEX ya nje inachukua bei iliyo nafasi ya 12 kwenye kolamu C, nayo ni 36,000.

Hiyo INDEX ya pili, ile ya ndani yenye sifuri, wengi wanaotuletea mafaili hawana. Ukiiondoa, fomula bado inafanya kazi kwenye Excel mpya, lakini kwenye Excel 2019 na zilizotangulia lazima umalize kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Enter, ndipo mabano ya mawimbi yajitokeze pande zote mbili. Sisi tulikuwa tukifanya hivyo zamani. Halafu muuzaji anabofya seli mara mbili kuangalia kilichomo, anabonyeza Enter tupu, mabano yanapotea na bei inageuka kuwa #VALUE! au #N/A. Tumesafiri mara mbili kwa ajili ya Enter moja. Tangu hapo tunaweka ile ya ndani kwa kila mteja, hata mwenye kompyuta mpya, kwa sababu hatujui kesho faili litafunguliwa kwenye kompyuta ipi.

Mwenye Microsoft 365 au Excel 2021 anaweza kutumia hii, ambayo ni fupi na inasomeka vizuri:

```
=XLOOKUP(TRUE,EXACT($A$2:$A$381,E2),$C$2:$C$381,"Msimbo haupo")
```

Angalia kwamba hapa pia kinachotafutwa ni TRUE. Tumekuta mafaili ambamo mtu ameandika XLOOKUP ya kawaida akiamini kwamba kwa kuwa ni mpya itatofautisha herufi. Haitofautishi.

Turudi kwenye lile lalamiko, kwamba fomula yetu "inagoma". Kijana wa kaunta alikuwa anaandika rg4m kwa herufi ndogo zote, kwa haraka, foleni ikiwa ndefu. VLOOKUP inapokea chochote. Ya kwetu inajibu #N/A, kwa sababu hakuna msimbo unaoandikwa rg4m kwenye orodha. Kwake huo ulikuwa ubovu. Lakini aliyeandika rg4m hajasema kama anataka ya maji au ya mafuta, na fomula haina njia ya kukisia. Kugoma kwake ndiyo kazi tuliyolipwa. Vivyo hivyo nafasi iliyobaki mwishoni mwa msimbo baada ya kunakili kutoka WhatsApp: kwa EXACT, "RG4M" na "RG4M " ni tofauti. Tunasafisha orodha kwa TRIM kabla ya kukabidhi, na ndani ya fomula tunafungia E2 kwa TRIM iwapo mteja ana tabia ya kunakili.

Hata hivyo kuna jambo tulilokosea wenyewe siku za mwanzo, na tunalisema wazi. Fomula ikiwa sahihi, bado msimbo unaweza kubadilika mkononi. Kwenye kolamu ya mauzo, Excel ina mazoea ya kumalizia neno kwa kuangalia yaliyoandikwa juu yake. Muuzaji aliyekwisha kuandika RG4m asubuhi, akiandika RG4M mchana chini yake, anaweza kubonyeza Enter akakuta imegeuzwa kuwa RG4m. Siku hizi tunazima hilo kwenye File, Options, Advanced, kwa kuondoa alama kwenye Enable AutoComplete for cell values. Na pembeni ya kila msimbo tunaweka jina la bidhaa linalotokea lenyewe kwa fomula ileile, kolamu B badala ya C. Muuzaji akisoma "Rangi ya maji lita 4" huku ameshika kopo la mafuta, anashtuka kabla risiti haijatoka.

Kinachogharimu kuliko vyote ni Remove Duplicates, kitufe cha Excel cha kufuta yanayojirudia. Kuna duka la vipuri lililotuletea orodha likisema misimbo imepotea. Mtu alikuwa ameona orodha imejaa, akachagua kolamu ya misimbo, akabofya Remove Duplicates, akahifadhi. Kitufe hicho nacho hakitofautishi herufi. Kinabakiza wa kwanza na kufuta mstari mzima wa pili pamoja na bei yake. Nakala ya zamani hawakuwa nayo. Tulikaa siku mbili na vitabu vyao vya kupokelea mzigo tukirudisha mstari mmoja mmoja, na bili yake ilizidi mara tatu ya ile ambayo tungewatoza kutengeneza faili tangu mwanzo.

Kabla hujatupigia, unaweza kujipima mwenyewe kama duka lako lina mapacha wa namna hii. Weka fomula hii kwenye kolamu tupu, mstari wa 2, uivute mpaka mwisho:

```
=COUNTIF($A$2:$A$381,A2)-SUMPRODUCT(--EXACT($A$2:$A$381,A2))
```

COUNTIF inahesabu bila kujali ukubwa wa herufi, EXACT inahesabu kwa kujali. Ukipata 0 kila mahali, msimbo hauna pacha, na VLOOKUP ya bure inakutosha, hatutakuuzia usichohitaji. Ukipata 1 au zaidi, mstari huo una mwenzake anayefanana naye kwa kila kitu isipokuwa ukubwa wa herufi. Kwenye orodha ya mama wa Morogoro, kati ya misimbo 380 tulikuta mistari 44 ya namna hiyo, yaani jozi 22.

Na hapo ndipo pesa unayotulipa inapokwenda. Kuandika fomula ni dakika moja. Kuketi na mwenye duka, jozi kwa jozi, tukiuliza "hii ndogo ni ipi, hii kubwa ni ipi, bei hii ni ya nani", ndiyo kazi ya nusu siku. Kwenye jozi 22 za mama yule, mbili zilikuwa na bei zilizobadilishana tangu siku orodha ilipoandikwa.

Huwa tunaulizwa kwa nini tusibadilishe misimbo tu, RG4-MJ na RG4-MF, yakaisha. Kama bidhaa zako hazijabandikwa vibandiko, tunakushauri hivyohivyo, na tutakutoza kidogo. Lakini mara nyingine msimbo si wako. Mteja mmoja wa ofisi alituletea orodha iliyotoka Salesforce, programu ya kutunza taarifa za wateja, ambako namba za kumbukumbu za herufi 15 hutofautishwa kwa herufi kubwa na ndogo. Huko wenyewe wana toleo la herufi 18, lenye tatu za ziada mwishoni, kwa ajili ya programu zisizotofautisha. Tulimwambia akapakue upya akiwa na hizo 18, tukatumia fomula ya kawaida, akalipa ya saa moja.

Tahadhari moja kwa wenye orodha kubwa: usiandike A:A nzima ndani ya EXACT. Fomula hii hupitia kila mstari kila mara, na kwenye orodha ya mistari makumi elfu, ikivutwa kwenye maelfu ya seli, kompyuta itakuwa nzito. Taja mwanzo na mwisho wa orodha.

Mama wa Morogoro alirudishiwa fomula, safari hii seli zake tumezifunga kwa nenosiri, na kijana wake tulimweka kwenye simu dakika ishirini akaandika RG4m na RG4M mpaka bei mbili tofauti zikamtokea mbele ya macho yake. Ukituletea faili, njoo na nakala ambayo haijaguswa na Remove Duplicates, na picha za vibandiko vya bidhaa zako kumi zinazouzwa zaidi.