Usiku wa mwisho wa redio hauishii mezani kwa mtangazaji

Ndugu Mhariri,

Simulizi mliyoichapa, ya mtangazaji wa mji mdogo anayepiga nyimbo za maombi usiku wa mwisho kabla redio yake haijafungwa, inapendeza, na sehemu ya kadi za salamu imeandikwa na mtu anayezijua. Kasoro iko mwishoni. Wimbo unaisha, mtangazaji anabonyeza swichi mezani, na mji mzima unanyamaza. Redio ya FM haiishii kwenye kimya hicho. Kama yupo mahali mtangazaji anayejiandaa kwa usiku wa namna hiyo, naomba nafasi nieleze mambo machache ambayo simulizi imeyaruka, kwa sababu yakikosewa hayana marudio.

Nianze na hesabu ya muda, maana ndiyo inayowaponza wengi. Tuseme kipindi kinaanza saa kumi na mbili jioni na redio inafungwa saa sita usiku. Hizo ni dakika 360. Toa nusu saa ya taarifa ya habari ya saa mbili. Toa matangazo ya biashara yaliyokwisha lipiwa, tuseme dakika nne kila saa, yaani 24. Zinabaki 306. Ombi moja, yaani kusoma kadi kwa dakika moja na kupiga wimbo kwa dakika tano, linakula dakika sita. Kwa hiyo usiku mzima unabeba maombi 51, na hapo hujapokea simu hata moja. Mpigaji akiingia hewani ni dakika mbili hadi tatu, ikiwamo ile ya kumsihi apunguze sauti ya redio yake ili isirudi kwenye simu na kuanza kupiga yowe. Taarab ndiyo usiseme: wimbo mmoja unaweza kumeza robo saa.

Kadi zitakazoletwa usiku huo zitapita 51 kwa mbali. Mtangazaji mgeni huamua kuharakisha, akate majina apige nyimbo nyingi. Hapo anakuwa hakijui kipindi chake. Wimbo msikilizaji wa salamu anao kwenye simu yake. Anachosubiri ni jina lake, na hasa lile jina la utani ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote, likifuatwa na kijiji, kitongoji na "nikiwa hapa stendi ya zamani". Halafu anasubiri majina ya watu wake: mke, shemeji, wapwa, wenzake wa kijiweni, kisha ujumbe. Ukimkatia hapo umempigia wimbo wa bure.

Dawa yake ni kuzipanga kadi mapema, saa kumi alasiri, kwa wimbo na si kwa zamu ya kufika. Tandaza mezani, kila wimbo na fungu lake. Utakuta kadi 20 au 30 zinaomba wimbo uleule. Fungu zima linasomwa pamoja, majina yote, hata yakichukua dakika nne, kisha wimbo unapigwa mara moja. Kadi yenye wimbo usioombwa na mwingine iunganishe na wimbo wa bendi hiyohiyo, na umwambie mwenyewe hewani kwamba umembadilishia. Wasikilizaji wa salamu ni wavumilivu kwa hilo. Wasichosamehe ni kadi iliyolipiwa na haikusomwa.

Nyimbo za dansi zina jambo lake. Nusu ya kwanza ni mashairi, nusu ya pili ni chemko, magitaa yanaporuhusiwa kukimbia. Siku za kawaida mtangazaji hukata chemko likianza tu, ili awahi kadi nyingine. Usiku wa mwisho chagua nyimbo sita au saba, si zaidi, uziache ziende mpaka zife zenyewe. Hizo ndizo zitakazozungumzwa kesho sokoni.

Kutakuwa pia na ombi la kanda. Lazima litokee: kwaya ya mjini au bendi iliyorekodi pale pale studio miaka ya kaseti, na nakala haiko kwingine kokote. Kaseti iliyokaa kabatini miaka 15 usiichomeke hewani moja kwa moja. Ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, maana utepe uliolala muda mrefu hugandana na kukaza, na ukianza kupiga hapo hapo wimbo unayumba kama mlevi. Safisha kichwa cha dekki kwa pamba na spiriti, uache kikauke. Angalia kile kipande kidogo cha sifongo ndani ya kaseti, nyuma ya utepe. Gundi yake huisha nguvu kikadondoka, na hapo sauti hufifia na kurudi. Kikidondoka hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine. Baada ya yote hayo inakili kwenye kompyuta mchana, na usiku upige nakala. Kaseti ikikatika saa nne usiku huku mji unasikiliza, hakuna wa kuiunga.

Sasa kurekodi. Kila redio inayofungwa hutaka kubaki na usiku wake wa mwisho, na wengi wanaukosa kwa namna moja. Wanafungua kompyuta, wanachagua WAV, stereo, biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde, na kubonyeza kitufe robo saa kabla ya kipindi ili wasisahau. Kwa mpangilio huo kila sekunde ni baiti 192,000. Faili moja la WAV haliwezi kupita baiti bilioni 4.29 na ushei, na diski ya kubebeka iliyopangwa kwa FAT32 ina ukomo huohuo. Gawanya: inatoka saa sita, dakika 12 na sekunde 49. Kurekodi kulikoanza saa kumi na mbili kasorobo jioni kunagota saa sita kasoro dakika mbili na sekunde chache, wimbo wa mwisho ukiwa katikati ya chemko. Programu nzuri hufungua faili jipya yenyewe; nyingine hugoma, na zipo zinazoharibu hata lile lililokwisha rekodiwa. Iagize programu ikate faili kila baada ya saa moja, basi.

Weka na rekoda ya pili nje ya studio, nyumbani kwa mtu, ikisikiliza redio ya kawaida. Sababu yake itaonekana hapa chini.

Tufike saa sita. Katika miji mingi studio iko mjini na mtambo wa kurushia uko kilimani, vikiunganishwa kwa antena ndogo zinazotazamana. Mtangazaji akifunga feda zote na kuzima miksa amekata sauti tu. Wimbi bado liko hewani, tupu, na redio ya nyumbani inatoa kimya cha chumba kisicho na mtu. Wimbi lenyewe likikatwa, redio haina tena cha kushika, inaanza kukuza uchafu wa hewani, na ndipo unasikia ule mlio wa shaaa kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Redio nyingi za magari huuziba mlio huo. Redio ya betri pale kibandani haiuzibi. Kwa hiyo mwisho anaousikia msikilizaji una hatua tatu: wimbo, kimya, kisha shaaa, na hiyo ya tatu iko mikononi mwa fundi kilimani. Kwenye rekodi ya studio shaaa haimo, kwa kuwa miksa haijui kilichotokea mnarani. Ndiyo maana ya rekoda ya nje.

Dakika za mwisho zipangwe kwa kurudi nyuma. Chukua wimbo wa dakika saba na sekunde 20. Wimbi likatwe saa sita kamili, kimya kiwe sekunde kumi, basi wimbo uanze saa tano na dakika 52 na sekunde 30. Maneno ya kuaga yakiwa dakika nne, yaanze saa tano na dakika 48 na sekunde 30. Aga kabla ya wimbo, usiage baada yake. Anayeaga mwishoni hushikwa na machozi, anarefusha, na fundi kilimani anayefuata saa yake anamkata neno mdomoni.

Kuna adui mmoja hapo: kompyuta ya kurushia. Ikiachwa ijiendeshe, wimbo ukiisha haijui kuna maombolezo. Inafungua ratiba ya kesho, na sekunde mbili baada ya kwaheri linaruka jingo la "Amka nasi!" au tangazo la sabuni. Futa ratiba ya siku inayofuata mchana, weka kompyuta iende kwa mkono, na hakikisha wimbo wa mwisho hauna kitu chochote chini yake. Tazama pia kama kilimani kuna kifaa kinachosikia kimya na kuanzisha muziki wa akiba. Kazi yake ni hiyo, na kimya chenu cha sekunde kumi kinaweza kukiamsha. Kizimwe kabla.

Fundi naye ana utaratibu. Kwanza anakata nguvu ya kipaza nguvu, halafu eksaita, kile kifaa kinachotengeneza wimbi lenyewe, na feni anaziacha zizunguke mpaka joto litoke. Mkiwa mnasikika na mtandaoni, mtambo wa mtandao uachwe uendelee angalau dakika moja zaidi, kwani msikilizaji wa huko yuko nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Ukikata vyote pamoja, yeye hausikii mwisho wa wimbo.

Kwa miji ya pwani, msishangae baada ya wimbi kukatwa masafa yale yale yakajaa sauti ya kituo cha mbali, pengine cha ng'ambo ya bahari. Kilikuwepo siku zote. FM hushika wimbi lenye nguvu na kulifunika dhaifu, na lenu ndilo lililokuwa likikifunika. Usiku wa joto hewa ya juu ya bahari hulisafirisha wimbi mbali kuliko kawaida.

La mwisho halimo kwenye simulizi yoyote. Redio imefungwa, mnara bado umesimama, na kama ni mrefu wa kutakiwa taa, ile taa nyekundu ya juu iendelee kuwaka kwa ajili ya ndege mpaka mnara ushushwe. Umeme wake ulipiwe na mtu anayejulikana kwa jina, na aandikwe kabla ya saa kumi na mbili ile ya jioni, wakati watu wote bado wako ofisini.

Wako,
Fundi mitambo wa redio,
Tanga