Mkate wa viazi lishe: nitakayosema redioni Jumamosi

Jumamosi asubuhi tumealikwa kwenye redio moja ya hapa Busia, upande wa Uganda, kuzungumzia mkate wetu mpya wa viazi lishe, vile viazi vitamu vya njano ndani. Tumepewa robo saa, na ukitoa matangazo na simu za wasikilizaji, muda wangu wa kusema ni dakika chache. Nimeona niyaandike hapa mapema, kwa sababu kuna lalamiko linalorudi kaunta kila wiki na sitaki lipite hewani bila jibu: "Mkate wenu wa njano ni mdogo, na bei iko juu. Mnatuibia."

Nitaanza na hilo, hata kabla mtangazaji hajaniuliza. Mama mmoja alituletea mikate miwili, wetu na mwingine alioununua kwingine, akaipanga kaunta mbele ya wateja. Ule wa pili ulikuwa mrefu kweli, umeupita wetu kwa vidole viwili. Nikamwomba aiweke yote miwili kwenye mizani kwa mkono wake. Wetu ulisoma gramu 505. Ule mrefu haukufika 430, na kwenye mfuko wake hapakuandikwa uzito wowote. Mama huyo bado ni mteja wetu, na siku hizi mikate anaipima mwenyewe.

Sababu ya ufupi iko kwenye ngano. Gluteni ya ngano ndiyo inayoshika hewa inayotolewa na hamira, na kiazi hakina gluteni. Ukitoa sehemu ya unga ukaweka rojo ya viazi, mkate hauwezi kupanda sawa na ule wa ngano tupu. Sisi tunakata donge la gramu 560 kwa kila kopo, oveni inakausha sehemu ya maji, na mkate ukishapoa unabaki na gramu 500 zilizoandikwa kwenye mfuko. Kuna njia ya kuufanya uonekane mkubwa: weka donge dogo, ongeza hamira, uache uumuke hadi ukaribie kuanguka. Huo mkate ukiupaka siagi unachanika. Sitauoka.

Halafu bei. Mkate wetu wa kawaida wa nusu kilo ni shilingi 3,000, wa viazi lishe ni 3,500. Watu husema kiazi ni rahisi kuliko unga, basi mkate ungeshuka bei. Kwa kilo, ni kweli. Lakini kiazi hakiingii kwenye unga kikiwa kiazi. Kwa unga wa kilo 6 tunatia rojo kilo 4, na kupata hiyo rojo tunanunua viazi zaidi ya kilo 5, maana maganda na sehemu zilizotobolewa na fukusi zinatupwa. Tunaviosha, tunavipika kwa mvuke na maganda yake, tunamenya, tunaponda, kisha tunachuja ili nyuzi zisibaki. Mvuke, si kuchemsha, kwa sababu kiazi kilichochemshwa kinakunywa maji na donge linalegea. Na rojo hiyo hailali, kesho yake inaanza kunuka uchachu, kwa hiyo kazi yote inarudiwa kila alfajiri. Shilingi 500 za juu ni mkaa na mikono ya watu wawili.

Wapo wanaojaribu nyumbani wakidhani wataokoa hizo 500. Dada mmoja anayeuza mandazi karibu na stendi alikuja na donge lake limekuwa kama uji. Alikuwa ametia rojo, halafu akamimina maji kwa kipimo chake cha siku zote. Nilimweleza hivi: unga mtupu wa kilo 10 unataka karibu lita 6 za maji. Lakini rojo kilo 4 tayari imebeba karibu lita 3, hivyo kwenye unga wake wa kilo 6 unaongeza lita moja na kidogo tu, tena kidogo kidogo huku mkono ukipima, kwa kuwa viazi vilivyochimbwa baada ya mvua vina maji mengi zaidi. Akijaribu kuliokoa donge kwa kuongeza unga, kinachoongezeka ni gharama, na chumvi na sukari zinapotea humo ndani. Alipoteza unga wa siku nzima.

Rangi nayo lazima niisemee, maana wengi wanadhani tumetia rangi ya dukani. Unjano huu ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kiazi cheupe karibu hakina. Tunatumia viazi vya Kabode na Vita, mbegu za watafiti wetu wa kituo cha Namulonge, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 2007. Nitamtaja pia Mganda mwenzetu Dakta Robert Mwanga, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya aina hii. Mkulima wa wilaya ya Kumi au Soroti anayesikiliza ajue kiazi chake kimefika wapi.

Na studio nitaingia na glasi ya maji safi. Nitamwomba mtangazaji atumbukize kipande cha sehemu laini ya ndani ya mkate, asubiri kidogo, kisha awaambie wasikilizaji anachokiona. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji. Maji yatapata ukungu wa makombo, lakini hayatageuka njano. Rangi za unga zinazouzwa madukani nyingi huyeyuka, na zingeonekana upesi. Ni jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya kwake.

Nisichokubali kusema ni kwamba mkate huu unatibu macho. Najua swali litakuja. Vitamini A inahitajika kwa macho, hilo sawa, lakini oveni inapunguza sehemu ya beta-karotini, na mkate ni chakula. Mwenye mtoto asiyeona vizuri jioni ampeleke kituo cha afya.

Dakika ya mwisho naiweka kwa wanaotaka mkate wa moto. Mwenye duka mmoja alituma boda saa kumi na moja alfajiri, akadai mikate ya oveni, akaifunga kwenye kaveera ikiwa bado inatoa mvuke ili auze wa kwanza mtaani. Siku ya pili alirudi na mikate yenye madoa ya kijani, anataka hela yake. Oveni inaua mbegu za ukungu, lakini nyingine hutua kutoka hewani baadaye, na zikikuta matone ya maji ndani ya mfuko zimepata makao. Mkate wa viazi una unyevu zaidi, kwa hiyo unadhurika haraka zaidi. Sisi tunaupoza kwenye rafu ya waya kwa muda wa karibu saa tatu, hadi katikati pawe pamepoa kabisa, ndipo tunafunga. Ukiutaka wa moto tutakuuzia kwenye mfuko wa karatasi, uule siku hiyo hiyo, na huo haturudishii pesa. Na nyumbani usiuweke kwenye friji, unakauka upesi kuliko mezani. Uweke pakavu, mfuko umefungwa, uumalize ndani ya siku tatu.

Bei na mahali nitavitaja mara mbili, mwanzoni na kabla ya simu, kwa sababu anayefungua redio katikati hajui tunazungumzia nini: mkate wa viazi lishe, gramu 500, shilingi 3,500, uliopoa na kufungwa unapatikana kaunta kuanzia saa tatu asubuhi. Wenye maduka wanaochukua kuanzia mikate kumi wanapata kila mmoja kwa 3,200, na mizani iko pale pale kaunta.