Mkesha wa Pasaka gizani: kwa nini hatuji na taa, na picha safi inatoka wapi

Kwaresima inapokaribia kuisha, tunaanza kupokea simu zinazofanana. Mtu ana mke, mdogo wake au mama mkwe anayebatizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka, na familia inataka video. Tukishaelewana kuhusu siku na malipo, swali linalofuata ni hili: "Taa mnakuja nazo, sivyo? Maana pale kanisani huwa giza kabisa." Tunajibu kwamba hatuji na taa wala hatutumii flashi, na wateja wengi wananyamaza kidogo. Wanaogopa kulipia video ya giza yenye chenga, na wana haki ya kuogopa, kwa sababu wengi wameshaletewa video za namna hiyo. Hapa tunaeleza tunavyofanya kazi usiku huo, na vitu vichache tunavyohitaji kutoka kwako.

Giza la usiku ule ni sehemu ya ibada yenyewe. Moto unabarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka unawashwa kwa moto huo, kisha unaingizwa katika kanisa lililozimwa taa. Padri au shemasi anaimba "Mwanga wa Kristo" mara tatu, na moto unapita kutoka mshumaa mmoja hadi mwingine mpaka kanisa zima linakuwa na vimwanga vidogo. Wakati huo macho ya watu yameshazoea giza, na jicho huchukua dakika nyingi kulizoea. Taa moja ya kamera ikiwashwa hapo, hata kwa sekunde tano, inawapofusha watu wa benchi kumi na inaifuta ile picha waliyotoka nyumbani kuja kuiona. Hakuna mteja anayeweza kutulipa tufanye hivyo.

Kwa hiyo tunafanya kazi na mwanga uliopo, na mwanga wenyewe ni mshumaa. Mshumaa una tabia moja ambayo ukiielewa utatusaidia sana: nguvu yake inapungua haraka mno kadiri unavyousogeza mbali. Ukiushika sentimita 60 kutoka usoni, kisha ukausogeza mpaka sentimita 30, uso haupati mwanga mara mbili tu, unapata mara nne. Watu wengi huushika chini karibu na tumbo, kwa sababu wanaogopa nta idondoke, na nyuso zao zinapotea. Ukiushika usawa wa kifua, mbele kidogo, uso unatokea wenyewe. Hilo kwetu lina thamani kuliko kamera ya bei kubwa.

Kinachofuata ni lenzi. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa karibu, tundu lake la kupitishia mwanga mara nyingi linaishia kwenye f/4 au f/5.6, na namba hiyo ikiwa kubwa tundu ni dogo. Sisi usiku huo tunatumia lenzi za urefu mmoja zisizovuta, zinazofunguka mpaka f/1.8. Tofauti ya f/4 na f/1.8 ni kwamba ya pili inaingiza mwanga karibu mara tano zaidi. Tuchukue uso ulioangazwa na mshumaa ulio sentimita 30, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde. Kwa f/1.8 tunapata picha nzuri tukiweka ISO, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga, kwenye 3200 hivi. Kwa f/4, uso huohuo unadai ISO 16000, na kwa kamera nyingi hapo ndipo chenga zinapojaa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha video yenye chenga za Mkesha, mara nyingi kosa halikuwa giza. Lenzi ilikuwa na tundu dogo, kamera ikalazimika kupandisha ISO kufidia.

Kuna wanaojaribu kuzifuta chenga baadaye kwenye kompyuta. Inawezekana, ila kidogo tu. Ukizidisha, ngozi inakuwa laini kama nta, na kwa ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mistari midogo ya uso, ile inayomfanya bibi awe bibi yako, iko kwenye vivuli, na programu inaidhani ni chenga. Ndiyo sababu tunapima mwanga kwenye uso palepale kanisani, na hatutegemei kuja kuung'arisha baadaye. Ncha ya mwali wa mshumaa tunaiacha iungue iwe nyeupe. Giza la nyuma tunaliacha liwe giza. Uso ukionekana vizuri, mtazamaji hadai kuziona kuta.

Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, haiwezi kufanya hivyo. Inaona giza, inajaribu kuling'arisha lote, ukuta unakuwa wa kijivu na mshumaa unakuwa doa jeupe. Mtu akipita na mshumaa mbele, picha nzima inazama, akishapita inarudi. Tulipoanza kazi hii tulirekodi Mkesha mzima hivyo, na familia ile ilipata video inayopumua kama kifua cha mtu. Tangu hapo kila kitu tunakipanga kwa mkono: tundu, shata, ISO, rangi ya mwanga na fokasi.

Sehemu ngumu kuliko zote si giza, ni taa zinapowaka. Kuna parokia zinazowasha baada ya "Mwanga wa Kristo" ya tatu, na kuna zinazosubiri mpaka "Utukufu kwa Mungu juu", kengele zinapolia na kanisa zima kulipuka kwa mwanga. Kamera iliyopangwa kwa mshumaa, hapo picha yake inaungua yote, na dakika ile haipigwi mara ya pili. Kwa hiyo tunaweka kamera mbili. Ya kwanza imepangwa kwa mishumaa. Ya pili, mbali kidogo, inalitazama altare lote na imepangwa tangu mwanzo kwa taa zikiwa zimewaka, ingawa muda wote huo inarekodi weusi mtupu. Taa zikiwaka, ya pili inalipokea tukio likiwa sahihi kabisa, na mpigaji wa ya kwanza anapata nafasi ya kubadilisha mipango yake bila haraka. Kwenye kuediti tunaunganisha hizo mbili, na unaliona kanisa likitoka gizani kama ulivyoliona mwenyewe.

Vipimo vya kamera ya pili hatuvibahatishi. Siku ya mazoezi ya liturujia, usiku, tunamwomba mhudumu wa sakristia awashe taa zote dakika kumi, tunapima na kuandika kwenye karatasi. Hapohapo tunaangalia kama taa zinapepesa. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 bila jicho kujua, lakini kamera inajua. Shata ikiwa 1/60, michirizi ya giza inatambaa kwenye skrini kutoka juu hadi chini. Ikiwa 1/50 au 1/100, inatulia. Umeme ukikatika na jenereta ikachukua kazi, michirizi inaweza kurudi, kwa sababu jenereta haishiki mwendo uleule, na hapo inabidi kuisogeza shata kidogokidogo mpaka itulie. Baadhi ya taa za bei ndogo hazitulii kwa mpango wowote. Tukizikuta tunamwambia mteja mapema.

Rangi nayo inabadilika. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa mshumaa ni wa chungwa sana, kama kelvini 1900, na taa nyingi nyeupe za siku hizi zinakaribia kelvini 6500. Kamera ya mishumaa tunaiweka kelvini 3200, ili uso ubaki na joto lake bila kuwa kama umepakwa binzari. Ya pili tunaipimia karatasi nyeupe chini ya taa za kanisa lenyewe.

Sasa kuhusu kutulia. Kamera zote mbili zinakaa kwenye stendi na hazitembei. Gizani kila mtikisiko unaonekana mara mbili, kwa sababu macho ya mtazamaji yana kitu kimoja tu cha kushika, ule mwali. Stendi tunaisimamisha kwenye sakafu, karibu na nguzo, mguu wowote usiguse benchi wala ubao wa kupigia magoti, maana watu mia wakipiga magoti pamoja benchi hutikisika. Roshani ya kwaya inavutia, inaona kila kitu, lakini ikiwa ya mbao hatuitumii. Wanakwaya wakianza kuyumba kwenye Utukufu, lenzi ndefu inaonyesha altare likicheza. Fremu moja tunaishikilia angalau sekunde kumi kabla ya kuibadilisha, na tunabadilisha watu wanapokaa au wanaposimama, tusimsumbue anayesali.

Ubatizo wenyewe unakuja baada ya mahubiri, taa zikiwa zimewaka, na shida yake ni nyingine: fokasi. Lenzi ya milimita 85 ikiwa f/1.8, mita 5 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 40. Mama akiinama kwenye kisima cha ubatizo, uso wake unaweza kutoka nje ya hiyo. Taa zikiwaka hatuhitaji tena f/1.8, tunafunga mpaka f/4 na sehemu kali inakuwa zaidi ya mara mbili. Fokasi tunaiweka kwa mkono kwenye ukingo wa kisima upande atakaoinamia. Ile inayojiendesha ya kamera tunaizima, maana mkono wa padri ukipita mbele na maji, itaukimbilia mkono.

Kinachotushinda kukizuia peke yetu ni flashi za wengine. Kamera nyingi za video husoma picha mstari kwa mstari, na flashi ni fupi mno, kwa hiyo inakamata nusu ya fremu: juu weupe, chini kawaida. Hatuna njia ya kuirekebisha zaidi ya kuikata fremu ile. Kama umeajiri mpiga picha za mnato, tukutanishe naye mapema. Wajomba na shangazi wenye simu, tunakuomba uwaambie wewe mwenyewe, watakusikia kuliko sisi.

Ukitupigia, basi, tutakuuliza mambo haya: paroko ameshatoa ruhusa, na anawasha taa wakati gani? Familia itakaa upande upi wakati wa Mbiu ya Pasaka, ili kamera ya mishumaa iwe upande huo? Na mbatizwa wako ni wa ngapi kwenye mstari? Hilo la mwisho usiliache. Wakatekumeni wakiwa ishirini, wote wamevaa nyeupe, maji yanamwagwa kwa kila mmoja sekunde chache tu, na mpigaji wetu hamjui mama yako kwa sura. Tutumie picha yake, na msimamizi wake amkumbushe akishakabidhiwa mshumaa aushike usawa wa kifua.