Kwa Vijana Wangu wa Baraza: Mnapohama, Waageni Hivi

Assalaam aleikum, wanangu.

Tangu reli mpya ianze kubeba makontena hadi Embakasi mwaka 2018, vijana wengi wa kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa wamefuata kazi miji mingine. Wengine wamekwenda Malindi, wengine Kisumu. Kuhama si kosa. Kinachoniuma ni urafiki wa tangu madrasa kupoa kwa sababu ya namna habari ilivyotolewa, na hilo ndilo limenifanya niwaandikie.

Mji wetu huu hauweki siri. Ukimwambia mmoja pale Kibokoni baada ya alasiri, kabla ya magharibi Likoni wanajua. Kwa hiyo kwanza jiulize ni nani atakayeumia zaidi akilisikia kwa mwingine. Huyo ndiye wa kwanza, na aambiwe kabla hujaandika lolote kwenye grupu la WhatsApp na kabla hujakata tikiti. Usimwambie barazani mbele ya watu, maana hapo atalazimika kucheka na kukupongeza hata kama moyo umemshuka. Mchukue mtembee Mama Ngina jioni, au mkakae mahali mnapokunywa kahawa nyinyi wawili. Kisha wafuate wengine wa karibu mmoja mmoja, siku hiyo hiyo au kesho yake. Grupu iwe mwisho.

Sasa maneno yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuna kijana ambaye kazi imehamishiwa Nairobi, naye ana mwezi mmoja tu. Anaanza kwa mbali: maisha magumu, mshahara mdogo, Mombasa hakuna kitu siku hizi. Mwenzake anasikiliza huku akijiuliza, basi na mimi ni katika hicho kisicho kitu? Au anajifanya kuomba shauri, "Waonaje nikienda?", ilhali nyumba ameshalipia. Siku mwenzake atakapojua, ataona amechezewa. Kama hujaamua, omba shauri kweli na ulisikilize. Kama umeamua, sema umeamua.

Mimi ningesema hivi: "Ndugu yangu, nahamia Nairobi mwisho wa mwezi. Kazi imenipeleka. Hakuna mwingine niliyemwambia nje ya nyumba yetu, nimetaka ulisikie kwangu. Kuondoka karibu yako ndiko kunakonitia uzito." Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa mzaha wala kwa ahadi.

Huenda akakujibu "poa, kila la heri" halafu siku tatu asionekane barazani, au ukimwandikia akujibu neno moja. Msidhani hajali. Mtu asiyejali huuliza nauli ni ngapi na mazungumzo yakaendelea. Mfuate kwao bila kumdai maelezo. Akikwambia kwa hasira kwamba unawakimbia, usijitetee. Mwambie, "Una haki ya kuudhika, nami nimekuja kukaa nawe."

Ahadi moja inatosha. "Nitakuwa nashuka kila wiki" ni neno la kumfurahisha usiku mmoja tu. Mwendo ni kilomita karibu 480, nauli ni pesa, na kazi mpya ina wenyewe. Chagua kile ambacho hata mwezi mbaya utakiweza: kumpigia kila Ijumaa baada ya swala, na Idi kuila nyumbani. Ukiahidi mengi, kila lisilotimia atalihesabu kuwa umeanza kumsahau.

Kuna na mchezo, jambo ambalo wengi hamlifikirii. Tuseme mko kumi, kila mwezi kila mtu elfu mbili, nawe elfu ishirini zako umeshapokea mwezi wa tatu. Ukiondoka kimya wataogopa, hata wakiona haya kusema. Nenda kwa anayeshika pesa, mwambie miezi saba iliyobaki utatuma kwa M-Pesa tarehe ile ile, na umwombe yule rafiki yako wa karibu awe mdhamini wako mbele ya wenzenu. Kumwomba hilo kunamwonyesha bado unamtegemea, kuliko ukimsifu mchana kutwa. Mpe na kazi nyingine ya kweli: akusaidie kufunga mizigo, akusindikize stesheni ya Miritini, amtazamie mama yako dawa yake ya presha.

Mwisho, mama wa rafiki yako. Nyinyi nyote mmekula mahamri na mbaazi katika nyumba za wenzenu, na huko mnaitwa watoto. Nenda mwenyewe umuage, uchukue hata kilo mbili za sukari, ukae akuombee dua. Usimwachie rafiki yako kazi ya kueleza kwa nini hujapita. Na ukishuka stesheni ya Syokimau, baada ya kumpigia mama yako, mpigie na rafiki yako umwambie umefika salama.

Mzee wenu wa baraza