Ukumbi au nyumbani? Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa arubuni

Kazi yetu ni kupika na kupamba sherehe hapa Dar es Salaam, na kila kamati ya harusi inayofika kwetu tunaiuliza kwanza fedha taslimu zilizopo ni kiasi gani, kwa sababu mara nyingi bajeti inayoletwa imejengwa juu ya ahadi ambazo bado hazijalipwa.

Tuchukulie familia yenye shilingi 5,000,000 mkononi na ahadi za 6,000,000, inayotaka ukumbi kwa wageni 250. Chakula na vinywaji kwa 28,000 kila mgeni ni 7,000,000. Ukumbi, mapambo, muziki na mshereheshaji ni 4,500,000. Jumla ni 11,500,000, na kwenye karatasi pengo linaonekana dogo. Lakini ikilipwa nusu tu ya ahadi, kamati itapungukiwa na 3,500,000 katika wiki ya mwisho, wakati kadi zimekwisha kugawiwa. Kupunguza wageni 50 wakati huo kutaokoa 1,400,000 tu, kwa kuwa bei ya ukumbi na ya muziki haipungui kwa sababu viti vimebaki vitupu.

Familia hiyohiyo ikialika watu 100 nyumbani, chakula na vinywaji vitagharimu 2,800,000. Turubai, viti, taa, jenereta, vyoo vya kukodi, mapambo na muziki tunavikadiria kwa 1,400,000, ingawa wengi huvisahau wakidhani kwamba uwanja wa nyumbani ni bure. Zinabaki 800,000, ambazo tunashauri zisiguswe, kwa sababu nyumbani hakuna mlango wa kukagulia kadi: majirani watafika, ndugu watakuja na watoto, na kwa desturi zetu hakuna anayeweza kuwarudisha. Kiasi hicho kinatosha kulisha watu 28 wa ziada. Kama mtaa wenu una mazoea ya kujaa kila penye turubai, basi nyumbani si mahali pa kubana matumizi, na ukumbi mdogo wenye kadi mlangoni utawafaa zaidi.

Jambo gumu zaidi ni michango. Aliyechanga hutarajia kadi, na kwa haki kabisa. Kwa hiyo anayetaka harusi ndogo aamue hivyo kabla ya kuunda kamati na kutuma ujumbe wa kuomba michango, si baadaye. Kadi ya watu wawili inatugharimu 56,000 za chakula na vinywaji pekee, hivyo mchango wa 50,000 unaopewa kadi hiyo unaongeza deni badala ya kulipunguza.

Kwa harusi ya nyumbani, tunafika kwanza kupima uwanja, kuangalia njia ya gari la vyombo na upatikanaji wa maji, na tunaomba familia ipate kibali cha serikali ya mtaa mapema. Uwanja usiotosha turubai la watu 100 tunawaambia wazi, na hatupokei arubuni.