Lusajo, hiyo nusu uliyoandika itakuumbua

Mafinga, 8 Januari

Ndugu yangu Lusajo,

Ugonile. Sisi wazima, ila mvua haitaki kutuacha na mkaa umepanda bei. Rasimu ya fomu yako ya kujitathmini kama afisa mikopo wa chama nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Usinikasirikie.

Umeandika: "Nimepunguza mikopo chechefu kwa nusu, kutoka asilimia 10 hadi 5." Hesabu yenyewe ni sahihi. Januari mlikuwa na mikopo ya milioni 240, na iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilikuwa milioni 24. Desemba mkawa na milioni 300, iliyochelewa milioni 15. Lakini wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu kwamba mwezi wa sita bodi ilifuta milioni 6 vitabuni. Hizo hazikulipwa, Lusajo, zimeondolewa tu kwenye hesabu. Ukizirudisha pande zote mbili unapata milioni 21 juu ya 306, yaani karibu asilimia 7. Tena kapu lenyewe la mikopo lilivimba Oktoba mlipotoa mikopo ya kilimo, ambayo mingi italipwa viazi vikitoka, Machi. Mkopo ambao siku yake haijafika hauwezi kuchelewa, kwa hiyo usijisifu nao bado.

Mimi yalinikuta mwaka wangu wa pili kazini. Meneja alifunua leja mbele yangu akaniuliza, "Na hizi zilizofutwa, ulizikusanya wewe?" Baada ya hapo hata yale niliyoyafanya kweli hakuyaamini.

Achana na asilimia, zifuate zile milioni 24 zimekwenda wapi. Sita zimefutwa, 7 bado zinadaiwa, na 11 zimeingia. Hapo kwenye 11 ndipo penye jasho lako, na cha ajabu hukuliandika popote! Ila kati ya hizo, milioni 2 zilikatwa kwenye akiba za wadhamini kwa barua ya meneja. Zako ni 9. Ningeandika hivi:

"Kati ya milioni 24 zilizokuwa zimechelewa mwezi Januari, milioni 9 zimelipwa na wakopaji baada ya mimi kuwatembelea. Ziara zimo kwenye daftari la ziara, na malipo yanaonekana kwenye stakabadhi za tarehe zinazofuata. Milioni 2 nyingine zilipatikana kwa wadhamini kupitia ofisi ya meneja. Milioni 6 zilifutwa na bodi, sizihesabu kama makusanyo."

Kabla ya kukabidhi, kaa na mhasibu mlinganishe daftari na stakabadhi. Mkopo uliolipwa kabla hujamtembelea mtu, utoe kwenye hesabu yako hata kama inauma. Ambatanisha namba za mikopo tu. Majina ya wanachama hayana kazi kwenye fomu yako.

Sasa pale palipoandikwa "maeneo ya kuboresha". Wewe umejaza kwamba unajituma kupita kiasi na unasahau kupumzika. Jamani! Meneja wako amesoma hizo mara ngapi? Na huku jibu liko kwenye zile milioni 15. Ukitoa 7 za zamani, zimebaki 8 ambazo zilichelewa ndani ya mwaka huo huo unaojitathmini, mikononi mwako. Tatu ni za wenye maduka, sababu zao zinatofautiana, ziandike kwa sentensi moja upite. Tano ni za kile kikundi cha wakulima wa viazi ulichokipangia marejesho ya kila mwezi kuanzia Novemba. Novemba mkulima ndiyo kwanza anapanda, mbolea imemmaliza, atakulipa nini? Si kwamba ni wakorofi. Ratiba ndiyo mbovu, na fomu ya mkopo ina sahihi yako.

Andika hivyo hivyo: ulitumia ratiba ya wafanyabiashara kwa wakulima bila kuuliza wanavuna lini. Kisha sema utafanya nini: kila ombi la kilimo litaandikwa mwezi wa kupanda na wa kuvuna kabla ya kupanga marejesho, kuanzia maombi ya msimu ujao. Hilo mtu anaweza kulikagua kwa kufungua faili. Ila usikimbilie kuwabadilishia ratiba hao wakulima wiki hii ili namba ishuke kabla ya kikao. Ikiwa bodi itakubali kubadilisha, mikopo hiyo itajwe peke yake, isichanganywe na mizima.

Jambo moja usilibebe: mfumo wa kompyuta kuzima wiki tatu mwezi wa nane. Umeliandika kama udhaifu wako, sijui kwa nini. Litoe hapo, liweke kwenye vikwazo pamoja na tarehe zake.

Ukishaandika upya nitumie kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi nakwenda Njombe kwa mama. Wasalimie watoto.

Nduguyo,
Atu