Maumivu ya mguuni yamepungua, lakini kidole gumba cha mguu kimelegea

Ndugu Daktari,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, na leo ni siku ya 24 tangu nilipoumia mgongo nikihamisha mifuko ya saruji ya kilo 50. Sikuandikii kwa sababu maumivu yamenishinda, kwani kwa kweli yamepungua, bali kwa sababu wakati yakipungua limejitokeza jambo jingine ambalo sijui nilipe uzito gani: kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto hakina nguvu kama cha kulia.

Mifuko sita ya kwanza niliinyanyua bila shida. Wa saba ulikuwa chini kabisa, nikauinamia magoti yakiwa yamenyooka, nikauinua mbali na kifua, kisha badala ya kugeuka kwa miguu nikageuza kiwiliwili peke yake ili niutue kwenye toroli. Hapo nilihisi kitu kama kimechanika kiunoni upande wa kushoto. Sikuanguka, na kwa ukaidi nikaendelea hadi mfuko wa kumi. Asubuhi yake sikuweza kuinama hata kufunga kamba za viatu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye naye aliwahi kuugua mgongo, alinisihi nilale kimya wiki nzima. Nilimtii kwa siku tatu, na kila siku nilizidi kukakamaa, kiasi kwamba siku ya tatu kugeuka kitandani tu kulinitoa jasho. Siku ya nne mke wangu alinipeleka kwa tabibu, ambaye aliniuliza kama nina homa, kama nimekonda bila sababu, kama nimewahi kuugua saratani, na kama nimetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Nilipojibu hapana kwa yote, na baada ya kunibonyeza pingili moja moja na kunipima miguu, alisema sihitaji eksirei, kwa kuwa eksirei huonyesha mifupa na si neva wala diski, na kwamba maumivu ya namna hii kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki nne hadi sita. Dawa aliyoisisitiza zaidi ya vidonge ilikuwa kutembea.

Nilianza na dakika 10 mara nne kwa siku, kwenye njia tambarare, nikaongeza dakika mbili kila siku niliyojisikia vizuri. Kanuni aliyonipa niliishika kwa sababu ilikuwa rahisi kuipima: maumivu yakizidi kidogo wakati wa kutembea si tatizo, mradi yarudi kama yalivyokuwa ndani ya saa moja na yasishuke mguuni. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kukaa. Nikikaa zaidi ya nusu saa, hasa kwenye kiti laini kinachoufanya mgongo upinde, husimama nimepinda upande mmoja, kwa hiyo sasa huinuka kila baada ya dakika 20 na kupiga hatua chache.

Usingizi ulihitaji majaribio. Kulala chali miguu ikiwa imenyooka kulinivuta kiuno hadi nikaamka saa nane za usiku, ila nilipoweka mto mnene chini ya magoti mvuto ule ulilegea. Nafasi iliyonifaa zaidi ni ya ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa kiasi na mto mgumu ukiwa katikati ya magoti, ili paja la juu lisianguke mbele na kuuzungusha mgongo. Mto wa kwanza ulikuwa mwembamba mno na haukusaidia kitu. Kifudifudi sikuweza kabisa, ingawa tabibu alisema asiyepata usingizi bila hivyo anaweza kuweka mto mwembamba chini ya tumbo. Kuamka pia nilifundishwa: najiviringisha ubavu magoti na mabega yakienda pamoja, nateremsha miguu, kisha nasukuma kitanda kwa mikono hadi nikae. Bila utaratibu huo, hakuna mto ungenifaa.

Hadi siku ya kumi nilikuwa natembea dakika 20 kwa mkupuo mmoja. Siku ya 11, mara tu nilipotoka kitandani, niliinamia beseni kunawa uso na chafya ikanijia nikiwa bado nimeinama. Maumivu yalishuka kama moto kutoka tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja na upande wa nje wa goko, yakaishia juu ya mguu karibu na kidole gumba. Baadaye nilielezwa kwamba diski hufyonza maji usiku tukiwa tumelala, hivyo asubuhi huwa zimejaa na kukaza, na kuinama katika saa ya kwanza baada ya kuamka huzielemea kuliko kuinama kulekule mchana. Laiti ningeambiwa hilo siku ya nne, kwani tangu siku ile nanawa nimesimama, mkono mmoja nikiuegemeza ukutani.

Tabibu alinipima upya. Nikiwa nimelala chali, aliuinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, na ulipofika kama nyuzi 40 maumivu yalishuka hadi chini ya goti, ilhali wa kulia ulipanda hadi karibu nyuzi 80 bila shida. Ngozi ya juu ya mguu, kati ya kidole gumba na cha pili, ilikuwa na ganzi. Nguvu ya kukinyanyua kidole gumba aliipa 4 kati ya 5. Kuchuchumia kwa mguu mmoja niliweza mara kumi, na kano ya kisigino ilipogongwa kwa nyundo mguu uliruka kama kawaida. Kwa mpangilio huo alisema inaelekea diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno inaibana neva ya tano, na kwamba neva iliyo chini yake, inayohusika na kisigino na kidole kidogo, haijaguswa.

Hapo ndipo aliponipa onyo ambalo mke wangu alilinakili na kulibandika mlangoni. Nikipata ganzi msambani, yaani sehemu ile ya mwili inayogusa tandiko mtu akipanda farasi, au nikishindwa kukojoa ilhali kibofu kimejaa, au mkojo au haja kubwa ikinitoka bila mimi kujua, au maumivu na ganzi vikishika miguu yote miwili, au nguvu za kiume zikanipotea ghafla, niende hospitali saa ileile hata iwe usiku wa manane. Alisema kundi zima la neva za chini likibanwa, kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kibofu kurudi kufanya kazi, hata kama upasuaji utafanyika baadaye.

Siku ya 17 niliogopa kweli. Asubuhi nilisimama chooni dakika tano nzima bila mkojo kuanza, na choo kikubwa sikuwa nimepata kwa siku tatu. Nilijigusa msambani kwa karatasi laini, nikahisi kila mguso pande zote mbili, lakini sikuthubutu kujiamulia, nikaenda. Walinipima hisia za msamba na nguvu ya misuli ya njia ya haja kubwa, kisha baada ya kukojoa wakakipima kibofu kwa mashine ya mawimbi ya sauti na kukuta kimebakisha mililita 60 tu, kiasi ambacho waliniambia hakionyeshi kibofu kilichopooza. Chanzo kilielekea kuwa tramadoli, niliyoongezewa maumivu ya mguuni yalipoanza, kwani huweza kufunga choo na kuzuia mkojo. Niliiacha kwa maelekezo yao, na baada ya siku mbili vyote viwili vilirudi sawa. Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu nyumbani kwangu dalili ileile ya dawa ilifanana kabisa na dalili ya hatari, na sidhani kama mtu aliye peke yake angeweza kuitofautisha.

Sasa hali yangu ni hii. Maumivu ya mguuni yamepungua kutoka 8 hadi 3 kwa kipimo cha 10, na sasa huishia kwenye paja badala ya kufika mguuni. Kiunoni yamezidi kidogo. Ganzi ya juu ya mguu ipo palepale. Kila jioni natembea hatua kumi kwa visigino, na kwa siku sita mfululizo nimeweza zote kumi, ila mguu wa kushoto huinuka chini kidogo kuliko wa kulia. Juzi mke wangu alisema kwamba nikichoka anausikia unapiga sakafu kwa kishindo kidogo. Mimi sijausikia, na hilo ndilo linalonikosesha amani, kwa kuwa siku nyingi nilijipima kwa maumivu pekee. Kesho asubuhi narudi kwa tabibu mapema kuliko miadi yangu, na nitamweleza habari ya kishindo hicho kabla ya jambo lolote.

Ningependa kwenda nikiwa na maswali sahihi. Je, maumivu yanayoondoka mguuni na kujikusanya kiunoni ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, kama alivyoniambia mtaalamu wa mazoezi ya viungo? Na je, dalili hiyo njema inaweza kwenda sambamba na nguvu zinazozidi kupungua, kwa maana kwamba neva imeacha kuuma kwa sababu imelemewa na si kwa sababu imepona? Nikikutwa nimeshuka kutoka 4 hadi 3, ni sahihi kudai picha ya MRI na kumwona daktari wa upasuaji siku hiyohiyo badala ya kungoja wiki sita zitimie?

La mwisho linahusu kutembea. Sasa nafikisha dakika 30 asubuhi na 30 jioni, na kishindo kile husikika baada ya dakika ya 20. Naomba uniambie kama nikate safari mara tu mguu unapoanza kuchoka na kuzigawa katika vipande vya dakika 15, au kama uchovu huo wa misuli hauidhuru neva na naweza kuendelea.

Wako msomaji,
Mwenye mguu wa kushoto uliolegea